Usafirishaji haramu wa binadamu na magendo ya wahamiaji: fuata deni, usifuate mpaka

Kwa anayeanza kazi ya kupokea waathirika, iwe polisi, ustawi wa jamii au msaada wa kisheria, jina la kosa lenyewe ndilo la kwanza kumpoteza. Ukisikia "usafirishaji haramu wa binadamu" unatafuta safari: lori, njia za panya, pasipoti bandia. Usipoiona safari unafunga jalada. Lakini kosa hili halihitaji safari. Mtu anaweza kutendewa kosa hili bila kutoka kijiji alichozaliwa, na mwingine akavushwa mipaka mitatu usiku bila kutendewa kosa hili hata kidogo.

Tafsiri inayotumika katika nchi nyingi imetoka kwenye itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Novemba 2000, ambayo wengi huiita Itifaki ya Palermo. Ina vipande vitatu, na kwa mtu mzima vyote vitatu lazima viwepo. Cha kwanza ni kitendo: kuandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha, na ndiyo maana anayemfungia mtu nyumbani kwake ana hatia sawa na aliyemleta. Cha pili ni mbinu iliyotumika: vitisho, nguvu, utekaji, ulaghai, kutumia vibaya madaraka au udhaifu wa mtu, au kumlipa mwenye mamlaka juu yake ili akubali. Cha tatu ni kusudi, yaani unyonyaji: ukahaba wa kunyonywa, kazi za shuruti, utumwa na hali zinazofanana nao, au kutolewa viungo.

Angalia neno "kusudi". Kosa linakamilika kabla unyonyaji haujaanza. Ukimkamata mwandikishaji njiani pamoja na wasichana watano alioahidi kuwafanya wahudumu wa hoteli huku akiwapeleka kwenye danguro, kosa limeshatimia ingawa hakuna aliyeguswa. Ugumu unakuwa kwenye ushahidi: kusudi limo kichwani mwa mtu, nawe lazima ulionyeshe kwa vitu vya nje. Hoteli iliyotajwa ipo? Nani amelipa nauli, na anatarajia kuirudishaje? Wanaowasubiri wasichana wanazungumza nini na mwandikishaji kwenye simu? Simu ikiachwa mikononi mwa mtuhumiwa kwa saa chache, majibu mengi yanafutika.

Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kipande cha pili kinaondoka. Huhitaji kuthibitisha ulaghai wala vitisho. Kitendo na kusudi la kumnyonya vinatosha, hata kama mtoto alitaka mwenyewe na mzazi akabariki. Kusudi, hata hivyo, bado lazima lithibitishwe. Si kila mtoto anayelelewa kwa ndugu ni mwathirika, na ukiandika hivyo bila ushahidi utaivuruga familia na kesi pia.

Magendo ya wahamiaji ni kitu kingine. Ni kumwezesha mtu kuingia kinyume cha sheria katika nchi ambayo si raia wake wala mkazi wake wa kudumu, ili wewe upate fedha au faida nyingine. Kosa hilo ni dhidi ya dola, na bila mpaka halipo. Usafirishaji haramu ni kosa dhidi ya mtu. Mvushaji anakula nauli, na mkifika biashara yake na abiria imekwisha. Msafirishaji haramu anakula jasho la mtu baada ya kufika, kwa hiyo kufika ndiko kunakoanzisha biashara yake. Hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapozaliwa, kwa sababu safari moja inaweza kuwa na wote wawili.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kijana wa miaka 22 anakubaliana na dereva avushwe mpaka kwa dola 600. Analipa 400, zilizobaki atalipa akifika. Anajua hana viza, anajificha kwenye lori kwa hiari yake. Hadi hapo ni magendo matupu. Wakifika, dereva anamwacha kwenye shamba, na mwenye shamba anamwambia deni sasa ni dola 1,500, pamoja na "gharama za njiani". Pasipoti inachukuliwa "ili isipotee". Mshahara ni dola 150 kwa mwezi, lakini chakula na malazi vinakatwa 120. Piga hesabu: linalopungua kwenye deni ni dola 30 kwa mwezi, kwa hiyo atafanya kazi miezi 50, zaidi ya miaka minne, bila kushika senti. Akilalamika anaambiwa polisi watamfunga kwa kuwa hana karatasi.

Sasa pitisha vipande vitatu. Kitendo: mwenye shamba amempokea na anamhifadhi. Mbinu: ulaghai kuhusu deni, pasipoti kuzuiwa, vitisho, na kutumia udhaifu wa mtu asiye na kibali. Kusudi: kazi ya shuruti, nayo inaonekana kwenye hesabu hiyo ya dola 30. Huyo ni msafirishaji haramu ingawa hakumvusha mtu yeyote. Dereva je? Ana kosa la magendo kwa hakika. Ili umuunganishe na kosa kubwa, tafuta kama alilipwa na mwenye shamba kwa kila kichwa, au kama ameshaleta wengine pale pale. Kumbukumbu za miamala ya simu zinasema zaidi kuliko maungamo yake. Jalada moja linaweza kubeba makosa mawili ya watu wawili, na hakuna ubaya.

Kosa la kawaida la mgeni kazini ni kumuuliza kijana huyu, "Ulikubali kuja?" Atajibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Ukiandika ndiyo hiyo na kuishia hapo, ataitwa mhamiaji haramu, atarudishwa kwao ndani ya siku chache, na shahidi wako mkuu atakuwa ameondoka. Alikubali safari; hakukubali miezi 50. Na hata kama angekubali hali ya shambani, itifaki inasema ridhaa haina maana pale mbinu mojawapo ilipotumika.

Uliza hivi badala yake, kwa mpangilio huu: Uliahidiwa nini, na umekuta nini? Nani anashika karatasi zako? Unadaiwa kiasi gani, na nani anaandika hesabu? Ungeondoka leo, nini kingetokea, kwako au kwa nyumbani? Swali la mwisho ndilo linalofichua vitisho ambavyo mtu hatavitaja mwenyewe. Wengi huzuiwa bila kufuli: mlango uko wazi, ila mama yake anajulikana anakoishi.

Usimalize mahojiano siku hiyo hiyo. Aliyeokolewa asubuhi mara nyingi hukana jioni, na siku ya tatu akiwa amelala na kula hukumbuka majina. Kagua pia mkalimani ni nani. Akitoka kwa aliyemwajiri mwathirika au kwa watu wa dereva, maelezo yote yatakuwa yametiwa mkono. Maelezo yakibadilika kati ya siku ya kwanza na ya tatu, usiyatupe ya kwanza wala kuyafuta. Yahifadhi yote na uandike nani alikuwepo chumbani kila mara, kwa kuwa wakili wa upande wa pili atauliza juu ya tofauti hiyo kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.