Ukungu wa macho baada ya kuanza dawa za kisukari: subiri kwanza na miwani, usisubiri na daktari wa macho

Mtu amegundulika ana kisukari, ameanza insulini au vidonge, sukari imeanza kushuka vizuri, na siku chache baadaye hawezi kusoma ujumbe kwenye simu yake. Hofu ya kwanza ni kwamba dawa inampofusha. Ya pili ni kwamba kisukari tayari kimeshaharibu macho. Mara nyingi si hili wala lile, lakini haitoshi kumwambia tu "itapita", kwa sababu mambo mengine mawili yanayowapata wenye kisukari, mtoto wa jicho na presha ya macho (glakoma), yanaweza kujificha nyuma ya ukungu huohuo.

Tuanze na lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni. Lenzi haina mishipa ya damu. Chakula chake inakipata kwenye maji yaliyo mbele ya jicho, na sukari inaingia ndani yake bila kuhitaji insulini. Kwa hiyo sukari ya damu ikikaa juu kwa wiki au miezi, ya ndani ya lenzi nayo inapanda, na sehemu yake inageuzwa kuwa sobitoli, aina ya sukari ambayo haitoki kwa urahisi. Ukianza tiba, sukari ya damu inashuka ndani ya siku chache, na ile ya maji yanayoizunguka lenzi inashuka nayo. Ndani ya lenzi bado kuna sobitoli nyingi. Maji hufuata upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, basi yanaingia kwenye lenzi, nayo inavimba na nguvu yake ya kupinda mwanga inapungua. Jicho linaelekea kwenye hali ya kuona mbali kuliko karibu. Herufi ndogo zinapotea kwanza, na za mbali zinaweza kufifia pia.

Kabla ya tiba, sukari ikiwa juu, mara nyingi huwa kinyume chake: mtu anaona karibu vizuri na vya mbali vinakuwa na ukungu. Wapo waliofurahi kwamba wameacha kuhitaji miwani ya kusomea, kumbe sukari ilikuwa juu sana.

Chukua mfano wa mtu wa miaka 46 ambaye tangu ujana alikuwa anaona vizuri bila miwani. Anafika kliniki sukari ikiwa 24 mmol/L (kwenye mashine za mg/dL ingesoma karibu 430) na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ni 13%. Macho yake yakipimwa siku hiyo yanatoa namba ya miwani -1.00, yote mawili. Vya mbali vina ukungu, lakini kitabu anakisoma vizuri. Anaanzishiwa insulini. Baada ya wiki mbili sukari yake inacheza kati ya 7 na 10, na macho yanapimwa +1.75. Amehama karibu namba 3 kwa siku 14. Kijana wa miaka 20 angeweza kuficha mabadiliko hayo, kwa kuwa lenzi yake bado laini na inajikaza yenyewe kuleta vitu karibu. Kwa miaka 46 uwezo huo umepungua sana, ndiyo maana huyu hawezi kusoma kabisa na kichwa kinamuuma jioni kwa kulazimisha macho. Wiki ya 4 anapimwa +1.00. Wiki ya 7 ni 0.00, na wiki ya 9 ni 0.00 tena. Kinachobaki ni miwani ya kusomea ya +1.25, ambayo umri wake ungeidai hata bila kisukari.

Sasa fikiria angetengeneza miwani wiki ya 2. Angelipia lenzi za +1.75 za mbali na +3.00 za kusomea, na kufika wiki ya 7 zingekuwa hazimfai. Ndiyo sababu tunasisitiza: usitengeneze miwani mpaka sukari itulie kwa wiki 6 hadi 8, na vipimo viwili vya macho vilivyopishana angalau wiki 2 vitoe namba zilezile. Katika kipindi hicho, miwani ya kusomea iliyo tayari dukani, ya +1.50 au +2.00, inatosha kusoma lebo ya dawa na alama za bomba la insulini. Haiharibu macho. Kama hata hivyo huoni alama vizuri, mwombe mtu mwingine asome dozi pamoja nawe, maana kosa la yuniti chache za insulini ni hatari kuliko ukungu wenyewe. Usiendeshe gari wala pikipiki. Na usiache dawa: sukari ikipanda tena, lenzi inaanza safari nyingine ya kurudi ilikotoka, na ukungu unarefuka badala ya kuisha.

Upo ukungu mwingine wa dakika chache, unaokuja na jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa. Huo ni wa sukari kushuka mno. Pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), chukua gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Utajuaje basi kwamba ukungu wako ni wa lenzi kuvimba na si kitu kingine? Dalili nzuri ni tatu zikija pamoja: umeanza siku au wiki chache baada ya sukari kubadilika sana, umeshika macho yote mawili karibu sawa, na unabadilika wiki hadi wiki. Kuna pia jaribio dogo la nyumbani. Toboa karatasi ngumu kwa pini, tundu lisizidi upana wa milimita 1 hivi. Kaa mita 3 kutoka kwenye kalenda ya ukutani, mwanga ukiwa wa kutosha, umevaa miwani yako ya mbali kama unayo. Funika jicho moja, tafuta herufi ndogo kabisa unazozisoma, kisha tazama herufi hizohizo kupitia tundu. Rudia kwa jicho la pili. Tundu linapitisha mwanga wa katikati tu, ule usiohitaji kupindwa sana. Kwa hiyo herufi zikikaza na kusomeka, tatizo kubwa ni namba ya jicho. Zisipobadilika, au zikizidi kufifia, tatizo liko kwingine: ukungu wa lenzi yenyewe, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au mshipa wa fahamu wa jicho.

Jaribio hili lina mipaka. Macho makavu nayo huona afadhali kupitia tundu, na mtoto wa jicho mdogo anaweza kukupa jibu zuri la uongo. Lichukue kama kidokezo cha kumwambia daktari.

Mtoto wa jicho hana haraka. Lenzi inapoteza uangavu kwa miezi na miaka, na mara nyingi jicho moja linatangulia. Mgonjwa analalamikia taa za magari usiku zinazotawanyika, jua linalomuumiza, rangi zilizopauka kama nguo iliyofuliwa mno. Kwa wenye kisukari huja mapema kuliko kwa wengine, na mara nyingi zaidi ukungu wao unakaa sehemu ya nyuma ya lenzi, katikati kabisa: hao wanasoma vibaya kwenye mwanga mkali, mboni inapokuwa ndogo, na afadhali kidogo kwenye kivuli. Aina nyingine humfanya mtu aanze kusoma bila miwani uzeeni, jambo linalofanana na lile la sukari kupanda. Tofauti ni muda: sukari hufanya hivyo ndani ya siku au wiki, mtoto wa jicho kwa miezi. Kushusha sukari hakumwondoi. Anayemwondoa ni mpasuaji. Na kwa mwenye kisukari retina iangaliwe kabla, kwa sababu kama imevimba au ina mishipa mipya ya damu, kubadilisha lenzi peke yake hakutarudisha uoni uliotegemewa.

Presha ya macho ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi kwenye habari hii, kwa sababu aina yake ya kawaida haileti ukungu. Inakula mshipa wa fahamu kuanzia pembeni mwa uoni, polepole, bila maumivu. Jicho moja linaziba pengo la jingine na ubongo unajaza kilichokosekana, hivyo mtu anasoma gazeti vizuri huku anajigonga kwenye fremu ya mlango. Maana yake ni hii: ukungu wako wa wiki ya 2 ukiisha wiki ya 7, hilo halisemi lolote kuhusu glakoma. Wengi hufuta miadi ya daktari wa macho siku wanapoanza kuona vizuri, nasi tunaona hilo ndilo kosa kubwa katika mambo yote tuliyoyataja hapa. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Matone, leza au upasuaji hulinda kilichobaki.

Wala usiridhike na kupuliziwa hewa kwenye jicho na kuambiwa presha ni sawa. Kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21 mmHg, lakini wapo wanaopoteza mshipa wakiwa ndani ya kiwango hicho. Uliza kama daktari ameutazama mshipa wenyewe, na kama kuna shaka, kipimo cha uoni wa pembeni kifanyike. Kama unatumia matone yenye steroidi, sema, kwa kuwa yanaweza kupandisha presha ya jicho, na yakitumika muda mrefu huleta mtoto wa jicho pia.

Miadi hiyo iwekwe tangu siku ya kugundulika kwa wenye aina ya 2, ukungu uwepo usiwepo, na mboni zipanuliwe kwa matone ili retina ionekane yote. Kwa mwenye HbA1c ya juu sana inayoshushwa haraka, kama yule wa mfano wetu, kuna sababu ya ziada: retina iliyokwisha kuathirika inaweza kuzidi kwa muda katika miezi ya mwanzo ya tiba, na daktari anahitaji kujua ilikuwaje kabla.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Jicho linalouma sana na kuwa jekundu, pamoja na ukungu, duara za rangi kuzunguka taa, kichefuchefu au kutapika, ni presha iliyopanda ghafla; nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, maumivu kama hayo yanaweza kutokana na mishipa mipya ya damu iliyoota hadi kwenye sehemu yenye rangi ya jicho na kuziba njia ya maji. Nenda siku hiyohiyo pia ukiona pazia jeusi, mvua ya vidoa vinavyoelea, miale ya mwanga, au jicho moja likipoteza uoni ghafla. Lenzi iliyovimba kwa maji haifanyi lolote kati ya hayo.