Jimu na barua ya daktari

"Nimelipia jimu mwaka mzima hapa Kisumu, daktari amenipumzisha miezi 4. Naweza kuvunja mkataba?"

Dada, omba kusimamishiwa uanachama; kwa miezi 4 hiyo ndiyo nafuu, siku zako zisogezwe mbele. Kuna mchangiaji aliyekujibu kwamba sheria inakurudishia pesa; amepata nusu: sheria ya watumiaji ya 2012 inakuruhusu kuvunja bila sababu ndani ya siku 10 tangu upate nakala ya mkataba. Zikipita, soma kipengele cha ugonjwa.

Barua iseme usifanye mazoezi kuanzia lini hadi lini, na iwe na muhuri. Jina la ugonjwa si lazima. Mgongo uliponikamata, yangu haikuwa na tarehe. Walihesabu kuanzia siku niliyoipeleka, wiki 3 zikapotea. Nakala yako ya barua isainiwe mapokezi.