Taulo zimekakamaa? Acheni kwanza kuongeza sabuni

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya udobi, tuongee hili la taulo maana kila anayeingia naona anarudia yale yale. Taulo zinatoka kambani zimekakamaa, nyeupe imekuwa kijivu, mteja analalamika zinamkwaruza, na dawa ya kijana ni moja tu, kuongeza sabuni. Zikizidi kukakamaa anaongeza tena, halafu anamalizia na dawa ya kulainisha nguo, taulo inanukia vizuri kweli ila haifyonzi maji hata kidogo. Jamani.

1. Jua unachopambana nacho. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana nazo povu linagoma, na sabuni yenyewe inageuka utando usioyeyuka ambao unajibanza kwenye mashina ya vile vitanzi vya taulo na kushika uchafu, ndo hicho kijivu mnachokisugua mpaka vidole vinachubuka. Pembeni yake kuna chokaa yenyewe, inayobaki maji yakichemshwa au yakikaukia kwenye nguo, na hiyo ndo inayokwaruza. Kwahiyo mna vitu viwili mle ndani, na dawa ya kimoja haimalizi kingine. Shikeni hapo.

Kupima ni rahisi. Chukua taulo iliyofuliwa, kavu, dondoshea tone la maji, likikaa juu linakuangalia badala ya kuzama ujue kuna utando. Halafu itumbukize kwenye maji ya moto bila sabuni yoyote, ikande kande. Maji yakiwa meupe na povu likatoka, hiyo ni sabuni ya mafuo yaliyopita, hujaweka wewe leo.

2. Asidi inaingia kwanza, na inaingia peke yake. Ndoo ya lita 10, maji ya moto ambayo mkono unavumilia kwa shida, siki nyeupe ya kawaida lita 1, au kama una ile asidi ya limau ya unga basi gramu 50 hivi. Taulo kubwa mbili tu, msizishindilie. Saa moja mpaka mbili, unageuza geuza. Ndoo iwe ya plastiki, ya bati asidi inaila. Taulo ya rangi jaribu pembeni kwanza.

Sasa hapa kuna kitu watu hawafundishwi. Asidi inaisha. Taulo ikiwa na chokaa nyingi inaimaliza yote na wewe unaendelea kuloweka kwenye maji ya bure. Chota maji ya ndoo kwenye kikombe, nyunyizia soda ya unga kidogo, yakichemka vipovu asidi bado ipo, yakinyamaza mwaga uweke mpya. Na tafadhali, soda ni kwenye kikombe. Kuna kijana juzi kamimina siki na soda ndoo moja, povu likapanda mpaka sakafuni akaniita nije nione dawa inavyofanya kazi! Mdogo wangu, zile zimeuana zenyewe kwa zenyewe, kilichobaki ni maji ya chumvi chumvi na taulo iko vile vile.

3. Usiishie kwenye asidi. Hapa niseme yangu maana niliumia. Nilikuwa nimeshajua siki, najiona fundi, nikapewa mzigo wa taulo nyeupe za nyumba ya wageni, ngumu mpaka ukiikunja inasimama. Nikaloweka zote kwenye siki vizuri tu, nikasuuza mara moja, nikaanika. Zilipokauka kweli ule ukwaruzaji umepungua, nikafurahi nikazikunja. Ila mkono ukipita juu yake unateleza, kuna kitu kama mshumaa, na kijivu hakijaondoka, kimehama tu kimekuwa mabaka mabaka ya njano. Nikajidanganya ni unyevu. Nikaweka dawa ya kulainisha kwenye suuza ya mwisho ili zinukie, nikapeleka. Wiki haijaisha mzigo wote ukarudi, wageni wanasema taulo zinasukuma maji badala ya kuyakausha, na zikilowa zinatoa harufu ya mafuta yaliyokaa. Nilirudisha hela na nikazifua upya bure, na mwenye nyumba hakunipa kazi tena, na siwezi kumlaumu.

Nilichokuja kukielewa ni hiki. Asidi ikikutana na chokaa inaiyeyusha, inaondoka na maji, safi. Lakini ikikutana na ule utando wa sabuni inaichomoa kalsiamu tu, yale mafuta yaliyotengenezea sabuni yanabaki huru kwenye nyuzi. Siki haitoi mafuta. Mimi nilikuwa nimetatua nusu ya tatizo, nusu nyingine nikaipaka dawa ya kulainisha ambayo nayo ni utando mwingine juu ya utando. Yaani nilizipiga plasta.

4. Kwahiyo baada ya asidi, suuza mpaka harufu ya siki iishe, halafu ufue. Lita 10 za maji ya moto, sabuni ya unga kipimo kamili, na vijiko viwili vya chakula vya soda ya kufulia, siyo ile ya kuokea, ile ni dhaifu mno. Soda inayageuza yale mafuta yawe sabuni tena na safari hii yanatoka na maji. Mtaona maji yanakuwa ya kijivu mazito na yanateleza vidoleni, ndo furaha yenyewe hiyo. Lakini soda kwenye maji magumu nayo inaangusha chokaa, kwahiyo ndoo hii tumieni maji ya mvua kama yapo, na kama hayapo ongezeni sabuni ya unga kidogo na msiiache taulo ilale humo, nusu saa inatosha. Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, suuza ya mwisho weka siki nusu kikombe kumaliza soda iliyobaki.

Taulo ikishakauka, rudia lile tone. Likizama papo hapo umemaliza. Likisita, rudi namba 2, taulo za muda mrefu mara nyingi zinataka raundi ya pili na siyo kosa lako.

5. Blichi ya klorini hapana. Doa la njano ya kutu linatokana na chuma kwenye maji, blichi inalikaza badala ya kulitoa, hilo dawa yake ni ile asidi ya limau. Na blichi ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, sitanii, hata ndoo iliyokuwa na blichi isuuze kabla hujaweka siki.

6. Baada ya hapo sabuni ya mche isiguse taulo hizo tena, tumia ya maji au ya unga, hazigandi na maji magumu namna ile. Dawa ya kulainisha acha. Kutingisha taulo kwa nguvu kabla ya kuanika kunasaidia kuliko mnavyodhani.

Na kuna taulo ambayo vitanzi vimekatika, ukiishika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Hiyo itapita hatua zote, tone litazama vizuri kabisa, na bado itakuwa ngumu, kwasababu hakuna kitanzi kilichobaki cha kulainika. Mwambie mteja kabla hujaloweka, siyo baada ya kumdai hela.