Lengo dogo Kickstarter ni mtego, piga hesabu kutokea kiwandani

"Wakuu nina gemu yangu ya ubao nataka kuipeleka Kickstarter. Nikiweka lengo dogo ili lijae haraka kuna ubaya? Na tarehe ya kufikisha mzigo niandike lini?"

Ubaya upo mkuu. Lengo likijaa na muda ukaisha watu wanakatwa hela, na hapo unadaiwa gemu zao uwe na uwezo wa kuzitengeneza au usiwe nao. (Mi niko Uingereza, kwa wakazi wa Bongo na Kenya hawajafungua kuanzisha kampeni, kwahiyo hilo litatue kwanza.)

Yangu, namba nimezirahisisha: kiwanda China kilitaka oda isiyopungua nakala 1,000, kila moja pauni 7, hapo 7,000. Meli na ushuru mpaka stoo 1,500, vipimo vya usalama 600, mchoraji 2,000, jumla 11,100. Kickstarter wanachukua asilimia 5, makato ya kadi kama 3 na vichenji, halafu kuna kadi zinagoma, so mi huhesabu katika kila 100 nabaki na 90. Ndo lengo likawa 12,500, kwa bei ya pauni 32 ni watu 391. Sasa weka lengo la 5,000 uone, watu 157 tu wanalijaza, mkononi unapata 4,500, kiwanda bado kinataka 7,000 na hujagusa meli. Zilizobaki unatoa wapi?

Hizi hesabu niliziweka kwenye ukurasa wenyewe, mpaka ya mchoraji. Nauli ya posta usiimeze kwenye bei, na ukiikusanya ndani ya Kickstarter nayo inahesabiwa kwenye lengo na inakatwa makato, yaani lengo linaonekana limejaa kumbe nusu ni stempu. Andika makadirio kwa kila nchi, useme utaichaji mzigo ukikaribia kutoka.

Tarehe sasa. Kampeni ikiisha Machi, hela inaingia kama wiki mbili baadae, mafaili ya mwisho mpaka Juni, sampo kwenda na kurudi mpaka Agosti, uzalishaji mpaka Novemba, meli na kufungasha mpaka Februari. Watu wanaandika Desemba ili wauze Krismasi, na sampo ikikataliwa mara moja tu mzigo unasogea mpaka mwaka mpya wa Kichina, viwanda vinafunga Januari au Februari na kabla ya hapo foleni ni balaa. Mi niliandika Aprili.

Pale kwenye sehemu ya hatari watu huweka "tumejiandaa kwa changamoto zote", maneno matupu. Yangu ilisema: "Kadi zote 54 zimechorwa, ubao bado. Sampo ya kwanza ikikataliwa, ongeza wiki sita. Nauli ya meli ikipanda, nakala za akiba zitapungua, bei yako haibadiliki." Hiyo ya mwisho iandike tu kama kweli una akiba, mi nilikuwa na nakala kama 600 ambazo hazina mwenyewe.