Maswali ya wasomaji: Ryzen 5000, joto na mstari wa volteji

Habari za kazi fundi. Nina Ryzen 5 5600X na feni ile ya boksini. Nikianza kurenda video ya harusi, kasi inashuka kutoka 4650 mpaka 4250 hivi, na joto linafika 88. Prosesa imeanza kuchoka? (Uyole, Mbeya)

Nzuri, ndugu. Haijachoka. Gigahezi 4.6 zilizoandikwa kwenye boksi ni kasi ya juu ya kiini kimoja chenye kazi nyepesi, na 5600X nyingi hugusa 4650 hapo. Viini vyote 6 vikishika kazi kwa pamoja, kasi ambayo AMD inaiahidi ni 3.7 tu. Kinachopatikana juu ya hapo prosesa inajipangia yenyewe: inapima hali yake mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, kisha inapanda au kushuka kwa ngazi za megahezi 25.

Inapanda mpaka ikutane na kikomo. Kwenye 5600X vikomo vikubwa ni PPT, yaani wati 76 zinazoingia kwenye soketi. TDC, ampea 60 za mzigo wa muda mrefu. EDC, ampea 90 za mshtuko wa ghafla. Na joto la nyuzi 95. Kitakachoguswa kwanza ndicho kinachoamua. Fungua programu ya HWiNFO64 ukiwa unarenda, tafuta mstari wa `CPU PPT Limit`. Ukisoma asilimia 100 au karibu sana na hapo, kinachokubana ni wati, na kwa nyuzi 88 ninatarajia utakuta hivyo. Joto nalo lina mchango wake, kwa sababu chipu ikiwa ya moto umeme mwingi zaidi huvuja ndani yake bila kufanya kazi yoyote, na wati hizo zinatolewa kwenye zile zile 76.

Huku kwetu asubuhi unawasha jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi. Inakuwaje prosesa bado inachemka? (Mafinga)

Baridi inakusaidia kweli, tena karibu nyuzi kwa nyuzi. Wati zikiwa zile zile, chumba cha nyuzi 15 kitaipa prosesa joto lililo chini kwa takriban nyuzi 15 kuliko chumba cha nyuzi 30 cha Dar es Salaam. Sehemu ya faida hiyo inapotea kwa sababu ya mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na Mafinga ni juu zaidi, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita. Feni inazunguka vile vile na kusukuma ujazo ule ule, ila hewa yenyewe iliyobebwa ni kidogo, na joto inaloondoka nalo ni kidogo.

La pili ni ukubwa wa chipu. Viini vyote vya 5600X vimekaa kwenye kipande cha takriban milimita 80 za mraba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Joto la wati hamsini na kitu linatokea hapo padogo, na hakuna feni inayoweza kulifikia mpaka lipite kwanza kwenye kifuniko na pesti. Ndiyo maana kupunguza joto kwenye chanzo chake kunalipa.

(Halafu jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua watu kwa hewa chafu. Litoe nje, tafadhali.)

Nimeingia BIOS nikaweka Curve Optimizer Negative 20 kwa viini vyote. Kasi imepanda kidogo lakini joto limebaki lile lile. Nimekosea wapi? (Njombe)

Hujakosea popote. Umefanya nusu ya kazi, na nusu hii ya pili ndiyo ambayo maelekezo mengi yanairuka.

Kila kiini kinatoka kiwandani na mstari wake unaosema kwa kasi fulani kipewe volteji kiasi gani. Curve Optimizer, iliyokuja na Ryzen 5000 mwaka 2020, inausogeza mstari huo. Ngazi moja ni kama milivolti 3 mpaka 5, kwa hiyo ngazi 20 za kushuka ni takriban milivolti 70. Umeme unaotumika unafuata kanuni hii, ambapo P ni wati, C ni namba ya chipu yenyewe, V ni volteji na f ni kasi:

```
P ≈ C × V² × f
```

Volteji imo humo mara mbili. Chukua mfano wa 5600X inayorenda kwa 4250 kwenye volti 1.20. Kati ya wati 76, tuseme 60 zinaliwa na viini na zilizobaki na sehemu nyingine za chipu. Shusha volteji mpaka 1.13: gawanya 1.13 kwa 1.20, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.89. Viini sasa vinataka wati 53 kwa kasi ile ile. Umeokoa wati 7.

Ila prosesa haikujua kwamba ulitaka kuziweka akiba. Imeona kikomo ni 76 na yenyewe iko 69, ikapanda kasi mpaka ikazijaza tena. Wati zimerudi 76, na joto linafuata wati. Ndiyo maana kipimo chako hakikusogea.

Kwa hiyo lazima uamue mwenyewe wati hizo ziende wapi, na chombo cha kuamulia ni PPT. Kwenye menyu ya Precision Boost Overdrive, yaani PBO, chagua `Advanced`, kisha weka `PBO Limits` kuwa `Manual` na uandike kikomo chako. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni: bodi nyingine zinataka wati, nyingine miliwati, ambapo 72 inaandikwa 72000. TDC na EDC ziandike 60 na 90, kama zilivyokuwa.

Tuendelee na mfano wetu. Chumba kina nyuzi 22 na prosesa inafika 88 kwa wati 76. Tofauti ni 66, yaani karibu nyuzi 0.87 kwa kila wati kwa feni hiyo. Ukiacha PPT 76, unabaki na nyuzi 88 na kasi inapanda kwenye 4400. Ukiweka 69, kasi inarudi 4250 ya mwanzo lakini joto linashuka mpaka 82. Ukiweka 72, unagawana: kasi kama 4350 na joto 85. Mimi kwa studio ya video ningechagua 72. Hizi ni hesabu za makadirio na chipu yako itatofautiana kidogo, lakini fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe kabla ya kugusa BIOS, maana itakuonyesha kama unachokitaka kinawezekana kwa feni uliyonayo.

Fundi shikamoo. Niliweka Negative 30 kwa viini vyote. Jaribio la Cinebench linapita, kurenda kunapita. Lakini nikiiacha imekaa tu usiku, asubuhi naikuta imejiwasha upya. Ni umeme au ni prosesa? (Kihesa, Iringa)

Marahaba. Windows inaweza kukujibu. Fungua PowerShell uandike:

```
Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='Microsoft-Windows-WHEA-Logger'} | Format-List TimeCreated, Id, Message
```

Umeme ukikatika, utakuta `Kernel-Power` 41 kwenye Event Viewer, na hiyo inasema tu kwamba mashine haikuzimwa vizuri. Hitilafu ya prosesa nayo huacha 41 hiyo hiyo, kwa hiyo peke yake haithibitishi lolote. Unachotafuta ni `WHEA-Logger` 18 yenye saa inayolingana. Ukiikuta, ni volteji. Amri ikijibu kwamba hakuna tukio lililopatikana, anza kuushuku umeme au pawasaplai, ingawa kiini kikiganda ghafla kinaweza kukosa hata muda wa kuandika.

Watu wengi wanashangaa kwa nini inaanguka ikiwa haina kazi. Kwenye Cinebench viini vyote vinabanwa na wati, vinakaa 4300 au 4400, na kasi hiyo haihitaji volteji kubwa. Mashine ikitulia, kikazi kidogo cha Windows kinaamsha kiini kimoja, nacho kinaruka mpaka 4650 kwa kufumba na kufumbua. Huko juu ndiko mstari ulioushusha unakosa volteji ya kutosha. Kwa hiyo Cinebench ya viini vyote haikupima mahali penye hatari.

Soma ndani ya ujumbe wa 18 mahali palipoandikwa `Processor APIC ID`. Kwenye 5600X kila kiini kina namba mbili: 0 na 1 ni kiini 0, 2 na 3 ni kiini 1, na kuendelea. Ukiona 6 au 7, mwenye kosa ni kiini 3. Mara nyingi utakuta ni kile ambacho programu ya Ryzen Master inakiwekea nyota. Viini bora kiwandani vilishapewa volteji ndogo, kwa hiyo nafasi ya kushuka kwao ni finyu, wakati vile dhaifu vinaweza kushuka sana.

Badilisha `All Cores` iwe `Per Core`. Viini viwili bora viwekee Negative 10, vingine Negative 20. Kisha tumia CoreCycler, ambayo inaendesha Prime95 kwenye kiini kimoja kimoja kwa zamu, uiache usiku kucha. Kiini kikifeli, kiongezee volteji kwa kukirudisha ngazi 3 mpaka 5. Kikipita, ukitaka, shusha ngazi chache urudie. Ni kazi ya siku kadhaa, na mtu anayerenda kazi za wateja hana sababu ya kukimbilia 30. Pia ujue kwamba AMD inahesabu PBO kuwa nje ya dhamana yake.

Mimi nilitumia Offset ya Vcore −0.1. HWiNFO inaonyesha 4550 lakini alama za Cinebench zimeshuka. Inawezekanaje? (Tukuyu)

Offset hiyo inakata volteji bila prosesa kuhesabu upya mstari wake. Inapohisi volteji imepungua mno, inanyoosha mapigo yake ili isianguke, na namba ya 4550 inabaki kwenye skrini bila kazi kufanyika kwa kasi hiyo. Angalia `Effective Clock` ukiwa na mzigo kamili: ikiwa chini sana ya ile namba nyingine, ndiyo hali yenyewe. Rudisha Vcore kwenye `Auto` utumie Curve Optimizer.

Nilipima kila kitu mwezi Julai, ikapita. Nirudie Oktoba? (Mbeya mjini)

Rudia. Chipu yenye joto zaidi inahitaji volteji zaidi kwa kasi ile ile, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto. Aliyepima Novemba naye apime tena Julai, kwa sababu kwenye baridi prosesa hukaa kwenye kasi za juu muda mrefu zaidi.

Bodi yangu ni A520 na sioni menyu hizo. (Makambako)

A520 haikupewa PBO. Tafuta B550, au B450 yenye BIOS mpya inayozitambua Ryzen 5000. Mpaka hapo, pesti mpya na feni kubwa zaidi ndivyo vitakavyokusaidia.