Anza na umbo la alama

"Dada, nimefeli tena ule mtihani wa nadharia ya udereva, mara ya pili sasa. Alama za barabarani nazikariri usiku kucha, asubuhi zinachanganyika. Niache tu?"

Usiache, mdogo wangu. Ile karatasi uliyoipiga picha nimeisoma yote. Wewe unakariri michoro, umbo hulitazami. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru. Ukianzia hapo, michoro haitakuchanganya tena. Ila pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini, inakutaka umpishe mwenzako. Wewe uliandika "hatari mbele".

Na kipilefti, usimsikilize binamu anayesema aliyewahi ndiye apite. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo walioko ndani wanakujia kutoka kulia. Hao ndio unawapisha. Nami swali hilo lilinitoa jasho, mpaka nilipolichora mchangani kwa kijiti, nikasogeza vifuniko vya soda kama magari.

Kesho ukitoka Mikindani kuja mjini, kaa mbele kwenye daladala. Kila alama itamke umbo kwanza, halafu maana. Zitakazokushinda ziandike, usiku nipigie tuzipitie.