Mama na nywila zake: daftari au programu?

"Mama ana duka Kongowea, akaunti nyingi, na nywila moja kwa zote. Nimwekee programu ya kutunza nywila au aandike daftarini?"

Dadangu, mpe daftari, mradi likae kabatini nyumbani, lisiende naye sokoni. Mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini. Yeye huchukua nywila iliyovuja kwingine akaijaribu kwenye Gmail. Hiyo nywila moja ndiyo hatari yenyewe.

Anzeni na Gmail, kwani akaunti nyingine nyingi hubadilishiwa nywila kupitia barua pepe. Aandike maneno manne yasiyohusiana, mfano kikapu-mvua-reli-ndimu (asitumie haya haya), kisha kila anapoingia aongeze neno la tano alijualo moyoni tu. Atakayeiba daftari atakwama hapo. Namba ya siri ya M-Pesa isiandikwe kabisa.

Kasoro kubwa ya daftari ni kwamba halitambui tovuti bandia. Programu haijazi nywila yenyewe anwani ikitofautiana hata herufi moja. Mama atanakili tu. Basi asiingie eCitizen kwa kiungo alichotumiwa kwa ujumbe, aandike anwani mwenyewe. Akichoka kuandika, hapo mhamishie programu.